Kuahirisha Masomo Bila Kupoteza Ufadhili



Katika somo la robo hii tunaangalia jambo linalozikuta kamati zetu mara kwa mara: mwanafunzi anayesomeshwa kwa fedha za ufadhili analazimika kusimama kwa muda. Tutatumia mfano wa kijana mmoja wa Zirai, ambaye jina lake tunalihifadhi.

Kijana huyu alikuwa mwaka wa pili wa shahada ya ualimu. Mwezi Aprili, wakati wa masika, alikuja nyumbani mara moja, na pikipiki aliyopanda ikateleza kwenye matope. Akavunjika mfupa wa paja. Wazazi waliamua akae nyumbani hadi apone, kisha arudi chuoni. Hawakumwandikia mtu yeyote.

Hapo ndipo hatari ilipokuwa. Mwanafunzi asiyeonekana darasani wala kwenye mtihani, na hana ruhusa ya maandishi, chuo huweza kumhesabu kuwa ameacha masomo na kumfuta. Akishafutwa, mfadhili hana tena mwanafunzi wa kumlipia. Kuacha masomo na kuahirisha masomo ni mambo mawili, na kinachoyatenganisha ni barua.

Mzee wa mtaa alituletea habari mapema. Swali letu la kwanza kwa kijana lilikuwa: unaomba kusimama hadi lini? Alijibu, miezi mitatu. Tulipokaa na ratiba ya chuo chake tukaona jibu hilo halifai. Alikuwa amefaulu muhula wa kwanza, lakini masomo ya muhula wa pili hufundishwa mara moja tu kwa mwaka. Akipona Julai hatakuta darasa la kuingia. Ilimpasa kungoja hadi Machi ya mwaka uliofuata. Kama angeomba miezi mitatu, angelazimika kurudi kwa mfadhili na ombi la pili, na mfadhili angejiuliza kama kuna ombi la tatu.

Hatua zilikuwa hizi. Kwanza tulipata taarifa ya daktari. Pili, aliandika barua chuoni kuomba kuahirisha, kwa sababu mfadhili hawezi kulinda nafasi ambayo chuo hakijailinda. Tatu, wiki ile ile tulimjulisha mfadhili, bila kungoja majibu ya chuo, tukaahidi kuyatuma yakifika. Barua yake kwa mfadhili ilikuwa fupi:

"Naomba ruhusa ya kuahirisha masomo kuanzia 14 Aprili hadi muhula wa pili utakapoanza mwezi Machi mwakani, kwa sababu nimevunjika mguu. Taarifa ya daktari nimeiambatanisha. Naomba posho yangu ya Sh. 150,000 kwa mwezi isimamishwe kuanzia Mei. Ada ya muhula huu, Sh. 600,000, imekwisha kulipwa. Nimeomba chuo kiihamishie mwakani. Naomba nafasi yangu ihifadhiwe na mwisho wa ufadhili usogezwe mbele kwa mwaka mmoja. Nitatoa taarifa kila baada ya miezi mitatu."

Angalieni kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeomba posho isimamishwe. Wengine huficha jambo hili ili wapate matumizi ya nyumbani. Lakini posho iliyopokelewa wakati mtu hasomi huonekana kwenye hesabu, hudaiwa irudishwe, na huharibu neno la mwanafunzi. Fedha inayolindwa ni ile ya masomo yaliyobaki.

Mfadhili alikubali, kwa sharti kwamba daktari athibitishe tena mwezi Januari. Chuo kilihamisha ada, ila si michango midogo ya muhula. Hiyo ililipwa na usharika. Tulikubaliana pia mapema nani atabeba nyongeza kama ada ingepanda. Wafadhili wengi hupanga fedha kwa mwaka, kwa hiyo si kila mmoja ataweza kusogeza. Anayeombwa mapema anaweza angalau kupanga upya.

Wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005, nao wapitie chuoni. Waombe kuahirisha rasmi, wahakikishe chuo kimeijulisha Bodi, na wakirudi wahakikishe chuo kimethibitisha kurudi kwao. Hatua hiyo ya mwisho ikisahaulika, mwanafunzi anaweza kukaa darasani huku fedha haziji.

Maswali ya kujadili katika kamati:
1. Je, mnayo ratiba ya mihula ya kila mwanafunzi mnayemsomesha?
2. Akipatwa na tatizo leo, nani katika usharika atatujulisha, na kwa muda gani?
3. Mkataba wenu wa ufadhili unasemaje kuhusu kuahirisha masomo? Kama hausemi kitu, andikeni kifungu hicho kabla ya mwaka mpya wa masomo.