Fimbo Haisimami kwa Uangalifu: Maswali kuhusu Pendulamu Iliyopinduliwa

Barua nyingi zilizonifikia zimetoka kwa vijana wanaounda roboti za magurudumu mawili, na kwa walimu wa fizikia wanaotaka kuonyesha darasani fimbo inayosimama wima juu ya kigari. Zinazouliza waya gani uende wapi nimeziweka kando, kwa kuwa hayo yameandikwa kwenye karatasi inayokuja na kifaa. Nimechukua zinazonikera na zinazonitia wasiwasi.

Kote humu nitatumia kifaa kimoja: mpini wa ufagio wenye urefu wa mita 1.5, umefungwa kwa bawaba juu ya kigari, unaweza kuangukia mbele au nyuma tu. Mpini wenye unene ule ule mwanzo hadi mwisho huanguka sawasawa na uzito mmoja uliowekwa kwenye ncha ya kijiti chepesi chenye theluthi mbili ya urefu wake. Kwa hiyo kwenye hesabu tutaandika L = mita 1.

Kama hakuna upepo, na fimbo nimeiweka wima kabisa kwa uangalifu mkubwa, kwa nini isisimame?

Kwa sababu uangalifu haununui muda wa maana. Fimbo ikiinama kwa pembe θ, uzito wake huivuta ianguke kwa kadiri ya sin θ. Pembe ikiwa ndogo, sin θ na θ yenyewe, ikipimwa kwa radiani, hukaribiana sana: kwenye digrii 10, θ ni 0.1745 na sin θ ni 0.1736. Basi tunaweka θ mahali pa sin θ na kupata mlinganyo ulionyooshwa:

θ'' = (g/L)·θ

Tazama upande wa kulia. Hakuna alama ya kutoa. Pendulamu inayoning'inia ina alama hiyo, ndiyo maana ikisukumwa hurudi. Hii ya kwetu kila inavyoinama ndivyo inavyosukumwa kuinama zaidi. Jibu la mlinganyo huu lina sehemu mbili, moja inayofifia na moja inayokua kwa e^(λt), ambapo λ = √(g/L). Kwa mpini wetu λ ni 3.13 kwa sekunde.

Sasa anza na digrii 1, fimbo ikiwa imetulia, kisha iachie. Baada ya nusu sekunde imefika digrii 2.5. Sekunde moja ikitimia iko digrii 11.5. Ukiwa na mkono wa sonara ukaiweka ndani ya digrii 0.01, itafika digrii 10 baada ya sekunde 2.4. Ukiboresha mara kumi zaidi, ukafika digrii 0.001, utapewa sekunde 3.2. Kila unapozidisha uangalifu mara kumi unaongezewa takriban sekunde 0.7, basi. Mahali pa wima ni mahali pa msawazo, ndiyo, lakini si msawazo unaokaa.

Mlinganyo huo unasema pembe itakua bila kikomo. Si uongo?

Mlinganyo unasema kweli kwa digrii za mwanzo, na hizo ndizo mota yako inazofanyia kazi.

Mbona mpini wa ufagio nausimamisha kiganjani, lakini penseli inanishinda?

Tofauti iko kwenye λ. Penseli ya sentimita 18 ina L ya sentimita 12, na λ yake ni kama 9. Jicho kuona na mkono kuanza kuitikia huchukua takriban sekunde 0.2. Katika muda huo pembe ya penseli iliyokwisha kuanza kuanguka huwa imekua mara sita. Ya mpini haijafika hata mara mbili. Mazoezi hayaondoi ucheleweshaji huo.

Betri ya roboti niiweke juu au chini?

Juu: L ikikua, λ hupungua. Wanaokuambia uishushe ili roboti "itulie" wanafikiria meza yenye miguu minne.

Kigari changu kinakimbilia upande fimbo inakoinamia, na kadiri pembe inavyokuwa kubwa ndivyo kinavyokimbia. Fimbo haianguki mara moja, lakini inayumba, na miyumbo inazidi hadi inaanguka. Nimeongeza nguvu, ikawa mbaya zaidi. Kosa liko wapi?

Swali hili limekuja kwa sura nyingi: wengine wanalaumu mota, wengine betri, mmoja alishabadilisha magurudumu. Nayajibu yote hapa, kwa sababu chanzo ni imani moja: kwamba mrejesho unaofuata pembe peke yake unatosha kuituliza fimbo.

Anza na kile ambacho mrejesho huo unafanya kweli, maana hufanya jambo kubwa. Kigari kikichapuka kwa a kuelekea upande fimbo inakoinamia, mlinganyo unakuwa:

L·θ'' = g·θ − a

Sasa amuru mchapuko ufuate pembe, a = k·θ. Ukiweka thamani hiyo unapata L·θ'' = −(k − g)·θ. Alama ya kutoa imerudi, mradi k izidi g, yaani 9.81. Kwa lugha ya karakana, kila digrii moja ya mwinamo lazima ijibiwe na mchapuko unaozidi mita 0.17 kwa sekunde kila sekunde. Ukiweka k = 8, fimbo itaanguka polepole kuliko mwanzo, lakini itaanguka. Ukiweka k = 15, haianguki tena.

Haianguki, lakini haitulii pia, na hapa ndipo watu wanapopotea. Kwa k = 15 mlinganyo ni θ'' = −5.19·θ, na huo ni mlinganyo wa bembea isiyo na msuguano. Ukiianzisha kwa digrii 2, itakwenda digrii 2 upande huu na digrii 2 upande ule, kila mzunguko sekunde 2.8, bila kupungua. Sababu inaeleweka ukiifuatilia fimbo inaporudi. Inapopita wima pembe ni sifuri, kwa hiyo kigari hakipewi amri yoyote. Lakini fimbo wakati huo ndiyo ina kasi yake kubwa kuliko wakati wote, na hakuna anayeizuia. Inapitiliza.

Hiyo ni karatasini. Kwenye meza yako kuna ucheleweshaji: kihisi kinasoma, programu inachuja, mota inachukua muda kuitikia. Tuseme jumla ni sekunde 0.02. Kigari sasa kinajibu pembe iliyokuwapo, si iliyopo. Pembe ya sekunde 0.02 zilizopita ni karibu sawa na θ − 0.02·θ'. Ukiiweka kwenye mlinganyo, inaongezeka sehemu ya k × 0.02 = 0.3 mara kasi ya fimbo, nayo inasukuma kule kule fimbo inakokwenda. Ni kinyume cha msuguano. Kwa k = 15 miyumbo itakuwa maradufu kila baada ya sekunde 4.6. Ukipandisha k hadi 60, sehemu hiyo inafika 1.2, na miyumbo inakuwa maradufu kila baada ya sekunde 1.2. Ndugu uliyeongeza nguvu ukaona mambo yameharibika, mota yako haina kosa. Imefanya ulichoiamuru.

Dawa ni kujibu pia kasi ya kuinama:

```
a = k*theta + d*omega;
```

Hapo `omega` ni θ', ambayo kihisi cha mzunguko kinaipima moja kwa moja. Mlinganyo unakuwa θ'' + d·θ' + (k − g)·θ = 0 kwa L ya mita 1. Kwa k = 15, chagua d kama 4.5. Inaizidi mbali ile 0.3 ya ucheleweshaji, na fimbo hurudi wima karibu bila kupitiliza, sehemu kubwa ya mwinamo ikiisha ndani ya sekunde moja na nusu hivi. Usiipandishe d ovyo: ikizidi, mota itaanza kutetemeka kwa kufuata kelele za kihisi.

Utajuaje kosa ni hili na si jingine? Rekodi pembe kwa sekunde kumi. Ikiondoka upande mmoja tu bila kurudi, k ni ndogo au alama yako imegeuzwa. Ikiyumba pande zote mbili kwa vipimo vinavyokua, unakosa d au una ucheleweshaji mkubwa.

Kuna mtu anauza namba za k na d "zinazofanya kazi kwa roboti yoyote". Ninunue?

Usinunue. Anayeuza namba hizo hajui L ya roboti yako, hajui ucheleweshaji wako, na mara nyingi hasemi kama anapima pembe kwa digrii au radiani. Hilo la mwisho peke yake linatosha kuharibu kazi. Kipimo cha 15 kwa radiani ni 0.26 kwa digrii. Ukichukua 15 ukaitia kwenye programu inayosoma digrii, umezidisha nguvu mara 57. Nimeandikiwa na wanafunzi waliounguza mota kwa sababu hii, kwa fedha walizochangishana. Pima urefu, anza na k iliyozidi g kwa nusu hivi, kisha ongeza d kidogo kidogo.

Roboti yangu imesimama vizuri, lakini inakimbilia upande mmoja ikiongeza kasi hadi igonge ukuta. Sakafu nimeipima, iko sawa.

Sakafu haihusiki. Kihisi chako kinadhani wima iko mahali isipo. Tuseme kimekosea digrii 1. Kigari kinajibu pembe ya uongo, na fimbo inatulia pale ambapo g·θ = k·(θ − 1). Kwa k = 15 hapo ni digrii 2.9, karibu mara tatu ya kosa lenyewe. Ili fimbo ikae imeinama hivyo bila kuanguka, kigari lazima kichapuke mita 0.5 kwa sekunde kila sekunde. Baada ya sekunde tano kinakimbia mita 2.5 kwa sekunde, na ukuta hauko mbali.

Wengi hapa huongeza sehemu inayojumlisha makosa ya pembe kwa muda. Haisaidii, kwa sababu inajumlisha kipimo kile kile cha uongo. Itakushusha hadi digrii 1, na kigari kitaendelea kuchapuka, polepole zaidi. Sahihisha sifuri ya kihisi kabla ya kuwasha mota, kisha pima mzunguko wa magurudumu na uuingize kwenye mrejesho. Hata kihisi kikiwa sahihi kabisa, pembe na kasi yake hazisemi kigari kiko wapi, kwa hiyo hakuna cha kukirudisha kikianza kuhama.

Mnaotaka kuniandikia tena, nileteeni mambo manne: urefu wa fimbo au kimo cha uzito wa roboti, ucheleweshaji mliopima, k na d pamoja na vipimo vyake, na rekodi ya pembe ya sekunde kumi. Barua inayosema "roboti yangu haisimami" bila hayo sitaweza kuijibu.