Taka za Tandale na Taka za Masaki: Majivu ya Moto Yasiingie Mfukoni

Wananchi wanalalamika kwamba Masaki wanapelekewa gari la kushindilia taka, huku Tandale wakiletewa guta na tipa. Wanauona huo ni upendeleo. Njia nyembamba za Tandale ni sababu mojawapo, lakini sababu nyingine imo ndani ya mfuko wa taka.

Mfuko wa Masaki umejaa maboksi, chupa, vifungashio na majani ya bustani. Mabaki ya chakula yapo, tena mengi, ila mfuko ni mkubwa na mwepesi. Wa Tandale ni mdogo na mzito: maganda ya ndizi na viazi, mchanga uliofagiwa uani, na majivu ya mkaa. Chupa na makopo hayamo, kwa kuwa wanunuzi wa vyuma chakavu na waokota chupa wameshayachukua.

Chukua gari la mita za ujazo 10. Taka nyepesi, zenye kilo 150 kwa mita moja ya ujazo, zitalijaza zikiwa na tani moja na nusu tu, hivyo kuzishindilia kuna faida. Taka zenye kilo 400 zitafika tani nne bila kushindiliwa. Ukizibana, yanatoka maji machafu barabarani na mchanga unakwangua mitambo. Tipa ndilo linalofaa, nasi tunaopanga magari ya taka tulipanga hivyo kwa kujua tunachofanya.

Wapo wanaotaka taka zote zichomwe zizalishe umeme. Kamua konzi moja ya taka za jikoni: maji yakichuruzika, jua kwamba sehemu kubwa ya moto itaishia kuyakausha. Taka hizo zinafaa kuwa mboji, mradi zisichanganywe na vioo, betri wala pampasi. Hapo nyumba za Masaki ndizo zenye kosa kubwa zaidi, kwani betri moja iliyopasuka huingiza metali zenye sumu katika mboji.

Sasa sikilizeni vizuri. Majivu yenye moto yasiwekwe kwenye mfuko. Kaa linaloonekana limezimika huendelea kuwaka ndani ya majivu kwa saa nyingi. Likikutana na karatasi ndani ya guta, linawaka katikati ya nyumba zilizobanana. Likifika dampo la Pugu Kinyamwezi, linakuta gesi inayotokana na taka zinazooza, na moto wa namna hiyo huweza kufuka chini kwa chini kwa siku nyingi.

Mwaga maji juu ya majivu, koroga, yaache kwenye debe hadi kesho. Weka kiganja juu yake bila kugusa. Ukisikia joto, bado. Tunarudia: ukisikia joto, bado.



Majivu yaliyopoa yatolewe nje yakiwa kwenye debe lake, kando ya mfuko. Mzoa taka ana haki ya kukataa mfuko wenye joto, na asibughudhiwe kwa hilo.