Demo ya Sloti Haina Njaa: Vidokezo Kabla Hujaweka Pesa Yako

Mchana abiria wakipungua kwenye steji ya bodaboda Naitiri, simu hutolewa mifukoni na sloti zikaanza kuzunguka. Wengi huanza na demo, yaani mchezo uleule kwa salio la bure. Wakishinda mara kadhaa, wanaamini wameuelewa mchezo, kisha mahindi yakishauzwa Kitale wanahamia pesa halisi. Vidokezo hivi ni vya yule anayesema, "Mimi nimeijaribu kwanza, inalipa."

1. Tazama salio kabla ya kutazama ushindi

Hapa ndipo wengi hupotoshwa, hata pale demo inapokuwa ya haki kabisa.

Chukua sloti ambayo bonasi yake kubwa hutokea, kwa wastani, mara moja katika mizunguko 200. Demo imekupa salio la maelfu, nawe unazungusha mara 500 ukiwa umetulia. Kwa hesabu ya uwezekano, watu 9 kati ya 10 wanaocheza hivyo wataiona bonasi walau mara moja. Taa zitawaka, muziki utapigwa, na utakwenda kulala ukijua kwamba sloti hii "hutoa".

Sasa cheza kwa salio la Sh200 zako, kwa dau la Sh10. Una mizunguko 20 tu ya uhakika. Uwezekano wa kuiona bonasi ileile ndani ya mizunguko hiyo haufiki mtu 1 kati ya 10. Tuseme ushindi mdogomdogo umekusogeza hadi mizunguko 40: bado ni chini ya mtu 1 kati ya 5. Programu haijabadilishwa na hakuna aliyekuibia. Kilichobadilika ni kwamba demo ilikupa muda wa kuisubiri bonasi, na Sh200 hazikupi muda huo.

Ndiyo maana mtu hulalamika kwamba sloti "ilijua" ameweka pesa. Haikujua chochote. Kila mzunguko huamuliwa na namba za nasibu, na hauangalii uliotangulia wala jina la mchezaji.

2. Ukitaka kujaribu, ibane demo ilingane na mfuko wako

Chukua karatasi. Andika 200 juu, weka dau la 10, kisha cheza demo ukipunguza na kuongeza kwenye karatasi yako, bila kujali salio kubwa lililo kwenye skrini. Hesabu ya karatasi ikifika sifuri, umeishiwa. Usifungue ukurasa upya ili salio lijae, maana simu ya M-Pesa haina kitufe hicho. Anza mchezo mpya kwenye mstari mpya, na urudie hadi ujaze mistari kumi, kila mstari ukiwa na mwisho wake.

Uwe makini na jambo moja unapoandika. Ukiweka 10 na skrini ikashangilia kwamba umeshinda 4, andika kwamba umepoteza 6. Sloti hushangilia marejesho madogo kuliko dau kana kwamba ni ushindi, na kwenye demo hakuna anayejisumbua kutoa hesabu, kwa kuwa pesa si yake.

Karatasi hiyo itakwambia mengi kuliko kumbukumbu. Kumbukumbu hubaki na ile bonasi moja na kusahau mistari iliyoishia sifuri.

3. Soma RTP kwenye demo, kisha isome tena kwenye mchezo wa pesa

RTP ni asilimia ya dau zote ambayo mchezo hurudisha kwa wachezaji baada ya mizunguko mingi mno. Kwa kawaida huandikwa ndani ya maelezo ya mchezo, ukibonyeza alama ya i au mistari mitatu.

Wasichojua wengi ni kwamba sloti moja, yenye jina na picha zilezile, huweza kutolewa kwa viwango tofauti, na kampuni ya kamari ikachagua inachokitaka. Book of Dead ya kampuni ya Play'n GO ina toleo la asilimia 96.21, na lipo pia la asilimia 87.25. Unaweza kujaribu demo ya toleo la kwanza mahali pamoja, kisha ukaweka pesa kwenye toleo la pili kwingine, na macho yako yasione tofauti yoyote.

Mfuko utaiona. Kwa dau la Sh10 na mizunguko 10 kwa dakika, saa moja hupitisha Sh6,000. Toleo la kwanza litakula wastani wa Sh227 kwa saa. La pili litakula Sh765. Kwa mwendo huo, saa tatu na ushei humaliza Sh2,500, bei ambayo gunia la kilo 50 la mbolea ya ruzuku limekuwa likiuzwa na serikali. Ukikuta RTP haijaandikwa popote, usiweke pesa.

4. Ongeza kodi ambayo demo haina

Sheria ya Fedha ya mwaka 2025 ilileta ushuru wa asilimia 5 kwa pesa unayoweka kwenye akaunti ya kamari, na kodi ya asilimia 5 kwa unayoitoa. Weka Sh200, zinabaki Sh190. Zitoe zote bila kucheza hata mzunguko mmoja, na utapokea Sh180.50, kabla ya gharama nyingine za kutuma au kutoa. Mchezo haujaanza na karibu Sh20 zimeshakwenda. Hakuna demo itakayokuonyesha hilo.

5. Si kila demo ni ya haki

Mwaka 2005 watafiti wa Kanada walichapisha uchunguzi wa tovuti 117 za sloti. Katika takriban asilimia 39 ya tovuti hizo, malipo ya kipindi cha demo yalizidi asilimia 100, maana yake mchezaji alikuwa akitoka na faida. Hakuna biashara ya kamari inayoweza kulipa hivyo kwa pesa halisi ikabaki wazi.

Uingereza, mdhibiti wa kamari hudai mchezo wa bure ufuate kanuni na uwezekano uleule wa mchezo wa pesa, na tangu Mei 2019 tovuti zenye leseni huko lazima zihakikishe umri wa mtu kabla hata ya kumruhusu kucheza bure. Kanuni hiyo haikulindi kwenye tovuti isiyo na leseni inayofunguka kwa kiungo ulichotumiwa WhatsApp.

6. Video ya ushindi: tafuta KES

Kwenye video ya mtu anayejigamba kwamba ameshinda mamilioni, angalia palipoandikwa salio. Ukiona neno FUN, au namba tupu zisizo na sarafu, huenda anacheza demo. Hata KES ikiwepo, hujaonyeshwa ni mara ngapi aliweka pesa kabla ya kuanza kurekodi. Na anayekuuzia "utabiri" wa sloti, mpite tu, maana namba za nasibu hazitabiriki.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Naitiri, demo itumie kujifunza vitufe viko wapi na bonasi inaonekanaje. Isikwambie utapata nini. Na ukiona umeanza kukopa Fuliza ili ujaze akaunti ya kamari, acha siku hiyohiyo, umweleze mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini.