Uvimbe wa Mguu Usiouma: Namna ya Kuitambua Maisetoma Mapema

Mkulima anayechomwa na mwiba shambani huung'oa, kisha huendelea kupalilia. Kwa kawaida jambo hilo huishia hapo. Lakini mara chache mwiba huingiza chini ya ngozi vijidudu viishivyo udongoni, na hivyo kuanzisha ugonjwa uitwao maisetoma. Uliripotiwa huko Madurai, India, mwaka 1842, na kwa sababu hiyo huitwa pia mguu wa Madura.

Vijidudu hivyo ni vya makundi mawili. Kundi la kwanza ni kuvu, na maarufu kati ya hizo ni Madurela. Kundi la pili ni bakteria wenye umbo la nyuzi, kama vile Nokadia. Ingawa makundi haya yako mbali sana kwa asili, yote mawili huleta dalili tatu zilezile: uvimbe usiouma, vitundu vinavyotoa majimaji, na chembe ngumu ndani ya majimaji hayo.

Tuchukue mfano wa kijana anayelima mtama katika jimbo la Sennar, Sudani, nchi ambayo ni miongoni mwa zenye wagonjwa wengi zaidi. Kijana huyu huenda shambani miguu mitupu, naye anachomwa na mwiba wa mgunga juu ya wayo. Kidonda kinapona. Baada ya miezi kadhaa anaona kinundu kigumu mahali pale pale, kisicho na joto wala maumivu. Kwa kuwa hakiumi, anakiacha. Mwaka wa pili wayo umevimba, na ngozi imetoboka vitundu viwili vitatu vinavyotoa usaha wenye chembe nyeusi. Baadhi ya vitundu huziba, na vingine hufunguka kando yake. Akizidi kuchelewa, ugonjwa hupenya hadi kwenye mifupa.

Chembe hizo ni nini? Kila chembe ni kundi la nyuzi za vijidudu zilizosongamana na kushikamanishwa kwa kitu kigumu mfano wa saruji. Saruji hiyo huvikinga vijidudu dhidi ya kinga ya mwili, na huzuia dawa isipenye vizuri. Ndiyo sababu matibabu huchukua muda mrefu.

Rangi ya chembe husaidia utambuzi. Chembe nyeusi hutokana na kuvu; nyekundu hutokana na bakteria. Nyeupe au za manjano zaweza kutokana na kundi lolote, hivyo rangi peke yake haitoshi. Mpimaji huiponda chembe juu ya kioo na kuitazama kwa hadubini. Nyuzi za kuvu zina unene wa mikromita 2 hadi 5, na za bakteria hazifiki hata mikromita 1. Tofauti hii ni muhimu sana, kwa maana maisetoma ya bakteria hutibiwa kwa antibiotiki, kama kotrimoksazoli, na mara nyingi hupona. Ile ya kuvu huhitaji dawa za kuua kuvu, kama itrakonazoli, kwa mwaka mmoja au zaidi, pamoja na upasuaji. Anayetibiwa kwa dawa ya kundi lisilo lake hupoteza muda, na huenda mwishowe akakatwa mguu.

Maisetoma huweza kufananishwa na magonjwa mengine. Jipu huuma na huwa na joto, tena hukomaa kwa siku chache. Matende huvimbisha mguu, lakini hayatoi chembe. Funza hutoa mayai meupe, lakini humwasha mtu na kumuuma, na huonekana kama kidoa cheusi juu ya ngozi. Kifua kikuu cha mifupa chaweza pia kutoboa ngozi, ila usaha wake hauna chembe.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba asipoziona chembe hakuna ugonjwa. Vitundu na chembe ni dalili za baadaye. Dalili ya mapema ni kile kinundu kigumu kisichouma, kinachokua polepole katika mguu wa mtu afanyaye kazi kwenye udongo na miiba. Wakati huo kinundu huwa kidogo, nayo mifupa ingali mizima. Mganga huweza kukichunguza kwa mashine ya mawimbi ya sauti, au kuchukua kipande cha nyama yake kwa uchunguzi. Kukikata ovyo au kukichoma moto ni kosa: mabaki ya kuvu hubaki ndani, na uvimbe hurudi ukiwa umesambaa zaidi.

Zoezi: Wakulima watatu wana uvimbe mguuni. Wa kwanza anaumwa sana tangu juzi. Wa pili amevimba mguu mzima bila kitundu. Wa tatu ana kinundu kigumu kisichouma tangu mavuno yaliyopita. Ni yupi apelekwe kuchunguzwa maisetoma, na kwa nini yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa mgumu zaidi kukubali kwenda?