Madamu, nikiweka sifuri haikubali

Wenzangu wa ualimu mtakaokwenda mazoezi ya kufundisha mwaka huu, nawaletea kosa langu mwenyewe ili nyie mkalifanye lingine. Mimi nilipangiwa shule moja Njombe, kidato cha sita, hesabu ya juu. Ilikuwa Julai, baridi ile ya Njombe ambayo chaki unaishika kwa glavu. Nikatoa jaribio la maswali matano ya kuintegreti. Swali la nne lilikuwa hili:

```
∫ (x³ + 2x − 6) / (x² − x − 2) dx
```

Wengi walilijibu vizuri sana, au ndivyo nilivyodhani. Asili, yaani namba ya chini, waliivunja ikawa (x − 2)(x + 1). Kisha wakaandika A/(x − 2) + B/(x + 1), wakatafuta A na B. Ukiweka x = 2 kwenye x³ + 2x − 6 = A(x + 1) + B(x − 2), unapata 6 = 3A, kwa hiyo A ni 2. Ukiweka x = −1 unapata −9 = −3B, kwa hiyo B ni 3. Namba nzima nzima, hakuna desimali, hakuna kinachogoma. Wakamalizia na 2ln|x − 2| + 3ln|x + 1| + C. Nami nikaweka vema, maana hata kwenye karatasi yangu ya majibu nilifanya hivyo hivyo. Alama zikaingia kwenye orodha ya darasa.

Ijumaa, wakati nakusanya daftari zangu, binti mmoja wa dawati la nyuma akanifuata. "Shikamoo madamu. Samahani, nikiweka sifuri haikubali."

"Marahaba. Haikubali vipi?"

Akanionyesha. Kwenye swali lenyewe, x ikiwa 0, unapata −6 juu na −2 chini, jibu 3. Kwenye vipande vyetu, 2/(−2) ni −1, na 3/1 ni 3, jumla 2. Tatu na mbili. Kama vipande ni vya sehemu ileile, inakuwaje vitoe jibu tofauti? Nikamwambia nitamjibu Jumatatu. Jamani, hilo ndilo jibu la mwalimu aliyekwama.

Jioni nilipanda kosta kwenda Makambako kwa shangazi. Ni kama kilometa 60 tu, na nikiwa nimebanwa kati ya dirisha na gunia la viazi nikaendelea kujaribu nyuma ya tiketi. Nikaweka x = 1: swali linatoa 1.5, vipande vyetu vinatoa −0.5. Tofauti 2. Nikaweka x = 3: swali 6.75, vipande 2.75. Tofauti 4. Kwa x = 0 tofauti ilikuwa 1. Angalia hizo tofauti: 0 inatoa 1, 1 inatoa 2, 3 inatoa 4. Kila mara ni x + 1. Kumbe A na B zetu zilikuwa sahihi kabisa, ila kuna kipande kizima, x + 1, tulikiacha nje bila kujua.

Chanzo chake mtoto wa shule ya msingi anakijua. Sehemu 17/5 ni guni, kiasi kimezidi asili, kwa hiyo unagawanya kwanza unapata 3 na 2/5. Hakuna anayeishia kuandika 2/5 peke yake. Polinomia ni vilevile, ila hapa tunalinganisha kipeo kikubwa cha juu na kipeo kikubwa cha chini. Juu tuna x³, chini x². Vipande kama A/(x − 2) na B/(x + 1) vinapungua kuelekea sifuri x ikiwa kubwa, lakini swali letu linazidi kukua. Vipande hivyo peke yake haviwezi kulibeba. Mbaya zaidi, njia ya kuweka x = 2 na x = −1 haikuonyi, kwa sababu kwenye namba hizo mbili kile kipande kilichoachwa kinazidishwa na sifuri. Aliyelinganisha vipeo angeshtuka mapema: kushoto kuna x³, kulia hakuna.

Basi, tugawanye. Juu hakuna x², kwa hiyo tunaiwekea nafasi yake kwa 0x², la sivyo safu zitapandana.

```
                x + 1
            ___________________
x² − x − 2 | x³ + 0x² + 2x − 6
             x³ −  x² − 2x
             ------------------
                   x² + 4x − 6
                   x² −  x − 2
                   ------------
                        5x − 4
```

Hatua ya kwanza: x³ gawanya kwa x² ni x, naiandika juu. Naizidisha x kwa asili yote, napata x³ − x² − 2x, kisha natoa. Hapa ndipo watu wanapoanguka. 0 toa −x² ni x², siyo −x². Na 2x toa −2x ni 4x, siyo 0. Mimi nawaambia wanafunzi wabadilishe alama zote za mstari wa chini kwa kalamu, halafu wajumlishe. Hatua ya pili: x² gawanya kwa x² ni 1. Nazidisha, natoa, inabaki 5x − 4. Nasimama hapo kwa sababu kipeo cha baki ni 1 na cha asili ni 2.

Kwa hiyo swali zima ni x + 1 + (5x − 4)/(x² − x − 2). Baki ndiyo tunayoivunja, na inatoa 2/(x − 2) + 3/(x + 1), zilezile za mwanzo. Jibu:

```
x²/2 + x + 2ln|x − 2| + 3ln|x + 1| + C
```

Ukitaka kuona uzito wa kosa, integreti kuanzia 3 hadi 5. Jibu kamili ni kama 13.41, la kwetu lilikuwa 3.41. Na hata bila kuintegreti ungejua: kwa x = 3, 4 na 5 swali linatoa 6.75, 6.6 na kama 7.17. Upana ni 2, kwa hiyo eneo haliwezi kuwa mbali na 13 na ushee.

Jumatatu nikaeleza mbele ya darasa kwamba karatasi ya majibu ilikosea na iliyoiandika ni mimi. Nikakusanya daftari upya. Aliyepata A na B sahihi nilimwachia alama za vipande na kuondoa za jibu. Kuna waliolalamika, na sikuwalaumu, maana vema ilikuwa ya kwangu.

Kisha mvulana mmoja akauliza: "Madamu, vipeo vikilingana je?" Swali zuri, kwa sababu wengi hudhani mpaka juu izidi. Vikilingana bado unagawanya, ila mara nyingi huhitaji ile ngazi ndefu. Chukua x²/(x² + 1). Juu andika x² + 1 − 1, unapata 1 − 1/(x² + 1), na ukiintegreti inakuwa x − tan⁻¹x + C. Yule binti wa nyuma hakuandika. Alikuwa ameshaweka sifuri pande zote mbili, akanyanyua kichwa: "Hii inakubali."