Kumfunga Mfalme kwa Hatua Mbili

Fumbo hili la sataranji lilitungwa na Paul Morphy, Mmarekani wa New Orleans, aliyezaliwa mwaka 1837 akafa mwaka 1884. Lilichapishwa gazetini mwaka 1856. Hapa limepangwa juu ya ubao na kupigwa picha. Agizo lake ni hili: Mweupe aanze, naye amfunge mfalme mweusi kwa hatua yake ya pili, Mweusi ajibu atakavyo.

Kusoma picha

Kwanza tujue picha imepigwa kutoka upande gani, kwa kuwa askari huenda mbele tu. Hii imepigwa kutoka upande wa Mweupe: askari wake huenda mbali nasi, na askari weusi huja kwetu. Safu zina herufi, a hata h, kutoka kushoto. Mistari ina tarakimu, 1 hata 8, kutoka karibu nasi. Nyumba ya pembeni mkono wa kuume, yaani h1, sharti iwe nyeupe. Ikiwa nyeusi, ubao au picha imegeuzwa.

Katika picha kete ya mbele huificha ya nyuma, basi tuzihesabu. Nyeupe ni tatu: mfalme c8, ngome a1, askari b6. Nyeusi ni nne: mfalme a8, askofu b8, askari a7 na b7. Jumla saba.

Hatua za pupa

Wengi huona ngome na kusema, "Imle askari wa a7!" Lakini askofu wa b8 huila ngome mara moja, na Mweupe hana tena nguvu ya kumfunga mtu. Wengine husema askari wa b6 amle yule wa a7. Huyo naye huliwa na askofu, na hatua ya pili haimfungi mfalme. Tukiiacha ngome ingoje a2, a3, a4 au a5, askari wa a7 husogea a6, na njia ya ngome imezibwa.

Hatua ya kweli

Ngome iende a6. Haimtishi mfalme, tena yaweza kuliwa. Lakini sheria ya sataranji ni kwamba kila mtu sharti acheze zamu yake, hata kama angependa kukaa kimya. Na tutazame Mweusi amebakiwa na nini.

Mfalme hana pa kwenda: a7, b7 na b8 zimekaliwa na watu wake mwenyewe. Askari wa a7 hawezi kusogea mbele, maana ngome imemsimamia usoni. Wala hana ruhusa kumla askari wa b6, kwa sababu akiondoka katika safu ya a, mfalme wake huachwa wazi mbele ya ngome, na sheria yakataza. Askari wa b7 hawezi kwenda mbele kwa kuwa b6 ina mtu. Basi yamebaki majibu ya namna mbili tu.

Jibu la kwanza: askari wa b7 aila ngome. Ameacha nyumba yake wazi. Askari mweupe asogea kutoka b6 hata b7, na kutoka hapo amshambulia mfalme kwa mshazari. Mfalme hawezi kumla, maana mfalme mweupe wa c8 anamlinda. Askofu naye huenda kwa mshazari tu. Aliye mbele yake hawezi kumgusa. Mfalme amefungwa na watu wake mwenyewe.

Jibu la pili: askofu aondoka. Zipo nyumba sita za kwendea: c7, d6, e5, f4, g3 na h2. Zote ni mamoja, kwa kuwa popote aendapo ameacha kuilinda a7. Ngome yamla askari wa a7. Mfalme hawezi kuila, maana askari wa b6 ailinda. Nyumba ya b8 sasa ni tupu, lakini mfalme mweupe wa c8 yu jirani nayo, kwa hiyo haikanyagiki. Mfalme amefungwa.

Sasa twaona siri yake. Kabla ya ngome kufika a6, askofu alikuwa bawabu wa a7, na askari wa b7 alikuwa bawabu wa njia ya askari mweupe. Wangaliruhusiwa kutulia, mfalme angalikuwa salama. Zamu ndiyo iliyomlazimisha mmoja wao aache mlango.

Maswali

1. Kwa nini ngome ikingoja a5 haifai kama a6?
2. Mfalme mweupe angalikuwa d8 badala ya c8, mfalme mweusi angaliokokaje katika kila jibu?
3. Askofu akienda c7, kisha ngome ikamla askari wa a7, je, askofu aweza kumkinga mfalme wake? Eleza.