Kupika Makongoro: Somo la Saa Nne katika Vipindi Viwili

Walimu wengi wa Sayansi Kimu hulikwepa somo la makongoro, yaani miguu ya ng'ombe, kwa kuwa vipindi viwili vya dakika 40 havitoshi kuyaivisha. Nilipoanza kazi nilijaribu kushindana na saa kwa kuchochea moto mkubwa. Kengele ilipolia, supu ilikuwa imekauka, sufuria imeungua, na ngozi ingali ngumu kama mpira.

Sababu ni hii. Mguu hauna nyama nyingi. Umejaa ngozi na kano, na ugumu wake hutokana na protini iitwayo kolajeni. Protini hiyo hugeuka kuwa jelatini laini ikikaa katika maji ya moto kwa muda mrefu. Maji yakishachemka, kuongeza kuni hakuyazidishii joto. Huzidisha mvuke tu. Basi kinachotakiwa ni muda, wala si moto mkali.

Matayarisho

Tuseme kipindi huanza saa 5 asubuhi. Mwalimu atafute miguu miwili. Wa kwanza ausafishe mwenyewe mapema na kuubandika jikoni saa 2, katika maji yaliyoufunika kabisa. Moto uwe mdogo, mfuniko uwepo, na maji yakipungua aongeze ya moto. Saa 3 na saa 4 atoe kipande kimoja kimoja na kukiweka kwenye sahani yenye alama.

Hatua za somo

Kwa mguu wa pili wanafunzi wajifunze kusafisha. Waubabue juu ya miali mpaka nywele zote ziungue, kisha waukwangue kwa kisu kuondoa masizi. Kwato zikipata joto la kutosha hulegea, nazo zing'olewe. Waoshe kwa maji ya moto na brashi ngumu, hasa katikati ya vidole, ambamo uchafu hujificha. Wakate vipande kwa shoka, kisha wasuuze mara mbili, maana vijipande vya mfupa vikibaki huweza kumdhuru mlaji. Mwisho wachemshe dakika 10, wamwage maji hayo yenye povu, na kuanza upya kwa maji safi, kitunguu na tangawizi. Chumvi itiwe mwishoni, kwani supu inayopungua huzidi ukali.

Kupima matokeo

Saa 6 wanafunzi watoe kipande cha tatu, wakibonyeze kwa uma pamoja na vile viwili. Cha saa 3 hurudi kama mpira. Cha saa 4 huanza kulegea. Cha saa 6 hupasuka na kuachia mfupa. Ikiwa bado kinarudi, huenda ng'ombe alikuwa mzee: kiachwe saa moja au mbili zaidi. Supu kidogo iachwe ipoe katika sahani; ikiganda, wanafunzi wameiona jelatini kwa macho yao.

Mguu wa pili uendelee kutokota hadi jioni.